Shikamoo Moja, Chupa Kumi

Kijana anaingia duka la dawa jioni, anatoa shikamoo, anasubiri bibi mmoja ahudumiwe kwanza, kisha anaomba chupa kumi za dawa ya kikohozi. Hadithi yote ni hiyo. Mfamasia anashika chupa ya kwanza na hasogei. Kwa kurasa tano tunasoma kusita kwake, na wala hatuchoki.

Mwandishi ameipatia sana shikamoo. Angemleta mlevi anayepepesuka, kukataa kungekuwa rahisi. Lakini mtoto wa watu kakuamkia vizuri, kakuita mama, sasa unamwambiaje "sikuuzii"? Adabu ya kijana ndiyo inayomkaba mfamasia.

Kuna kipande nilikisoma mara mbili. Mfamasia anahesabu kimoyomoyo. Chupa ni ya mililita 100, yaani vijiko 20 vya mililita tano, na kila kijiko kina miligramu 10 za kodeini. Chupa kumi ni vijiko 200. Mtu mzima akinywa kijiko kimoja mara tatu kwa siku, dawa hiyo itamfikisha zaidi ya miezi miwili. Na kikohozi kikipita wiki mbili tu, mtu anatakiwa akapimwe kifua kikuu, siyo kuongezewa chupa. Hesabu hiyo inatisha kuliko maelezo yoyote ya uraibu.

Kisha anauliza, "Za nani, mwanangu?" Kijana anajibu kwa upole kwamba ni za wadogo zake, wa miaka minane na kumi. Jibu hilo lingetosha kumaliza kila kitu. Kodeini haitakiwi kutumika kwa kikohozi cha mtoto wa chini ya miaka 12, kwa sababu mwili huigeuza sehemu yake kuwa mofini, na kwa baadhi ya watoto hilo hutokea haraka kiasi cha kuzuia pumzi. Kwa hiyo kijana akiwa mwongo, asiuziwe. Akiwa mkweli, ndiyo kabisa asiuziwe!

Mfamasia analijua hilo, na bado anasita. Hapo ndipo hadithi inapopata uzito, maana swali la kama kijana anadanganya limeshakufa. Lililobaki ni lake mwenyewe: kodi ya duka inayodaiwa, na aibu ya kumnyima mtu aliyemheshimu.

Ndiyo maana mwisho umeniudhi. Kijana akikataliwa anatukana, anapiga teke mlango, na mfamasia anashusha pumzi: kumbe alikuwa mhuni. Mwandishi kamwonea huruma mhusika wake akampa ushahidi asiouhitaji. Ningependa kijana aseme "asante mama", atoke taratibu, na mfamasia abaki na chupa mkononi bila kujua anakwenda duka gani. Uamuzi wake ungekuwa sahihi vilevile, ila angelala nao.