Ngeli na Hofu: Mtazamo wa Mtoto katika Hadithi ya Kinyozi

Hadithi fupi inayojadiliwa hapa haina mengi katika msuko wake. Mvulana wa miaka mitano anaiogopa mashine ya kunyolea. Mama yake anampeleka kwa kinyozi mara tatu. Mara ya tatu ananyolewa. Msomaji wa haraka ataiweka katika fungu la hadithi za watoto. Uzito wake, hata hivyo, umo katika upatanisho wa kisarufi.

Usimulizi ni wa nafsi ya tatu, lakini mtazamo ni wa mtoto. Kwa hiyo mashine husikika zaidi ya kuonekana. Huja kutoka kisogoni, asikokuwa na macho, na mtetemo wake huingia katika mfupa wa nyuma ya sikio. Mtoto huyu haogopi kukatwa. Anaogopa kuvamiwa na sauti asiyoweza kuizima. Ndiyo maana katika ziara ya kwanza kifaa hicho hakina jina. Ni "lile dude", nalo ndilo kiima cha karibu kila kitenzi: linanguruma, linamjia, linamtafuta. Mtoto amebaki kuwa mtendwa.

Kinyozi hamwambii asiogope. Siku hiyo anatumia mkasi na kitana, kazi ya polepole inayompotezea wateja wawili. Katika ziara ya pili anampa mashine iliyozimwa aishike, anaiwasha na kuipitisha juu ya mkono wake mwenyewe, kisha anakiweka kidole cha mtoto kwenye swichi. "Tuzime, bwana mdogo?" anauliza, na kila anapojibiwa ndiyo, inazimwa bila mjadala. Hapo ngeli inabadilika. "Lile dude" sasa ni "ile mashine", na mtoto ndiye kiima: anaiwasha, anaizima.

Kilele kinakuja stima inapopotea katikati ya ziara ya tatu, kichwa kikiwa kimenyolewa upande mmoja. Kimya alichokuwa akikitamani kimefika, naye hashuki kitini. Anauliza "kimashine" kitaamka lini. Kiambishi ki- chaweza kudunisha au kuonyesha mapenzi, na mwandishi amefanya vyema kutochagua kwa niaba ya msomaji.

Ni bahati mbaya kwamba aya inayofuata inaharibu kazi hiyo. Msimulizi anajitokeza kueleza kwamba mtoto sasa alimwamini kinyozi, na kwamba imani hujengwa hatua kwa hatua. Hayo si mawazo ya mtoto wa miaka mitano. Mtazamo umevunjika, na tayari ki- ilikuwa imeyasema. Kasoro kubwa zaidi inamhusu mama. Katika ziara ya kwanza yeye ndiye aliyekibana kichwa cha mwanawe kwa mikono miwili, na hofu ikaongezeka. Uhusiano huo haurejewi. Kinyozi anapewa kurasa nne za kujirekebisha mbele ya mtoto; mama anaachwa nje mlangoni, pesa mkononi, akisubiri kulipa.