Fomu moja ni sawa, lakini barua imesahau rezo

Wote tumesoma barua ya kordinateri wetu wa wajitoleaji. Anaomba maombi ya haraka yapitie kwenye fomu moja ya Google Forms, si tena kwenye grupu ya WhatsApp. Barua iko wazi na sababu yake ni ya kweli. Ombi moja likitumwa tena na watu watano, unakuta linahesabiwa kama maombi matano, halafu linafunikwa na salamu na pole. Kwenye fomu, ombi linapata mstari wake, na unaweza kuona kama limejibiwa.

Shida ni kwamba barua imeandikwa na mtu mwenye rezo. Ujumbe wa WhatsApp ukiandikwa pasipo rezo unangoja ndani ya simu, kisha unaenda wenyewe rezo ikirudi. Google Forms haifanyi vile: bila rezo haifunguki, wala haitumi. Mwenzetu wa Nyabiondo atajaribu mara mbili, halafu atarudi kwenye grupu. KoboCollect ingefaa zaidi. Unapakua fomu mara moja, unaijaza popote, inabaki ndani ya simu mpaka upate rezo. Ila ni ya Android tu.

Hata hivyo, Kobo nayo ina mtego wake. Tuseme mtu wa Pinga anajaza fomu siku ya kwanza jioni: familia zimefika, zinalala kanisani, hazina maji. Anapata rezo siku ya nne. Ndani ya jedwali, safu ya `_submission_time` inaonyesha siku ya nne, na anayepanga kwa safu hiyo ataona ombi jipya kabisa. Kumbe familia zinaweza kuwa zimeshaendelea na safari. Kwa hiyo fomu lazima iulize: «Uliona jambo hili siku gani, saa ngapi?» Barua inaorodhesha maswali kumi na mawili, na hili halimo. Inauliza fani na mwaka wa kumaliza licence, vitu vyenye havisaidii mtu mwenye kiu.

Jambo la mwisho ndilo zito zaidi. Katika grupu, mwenye pikipiki aliye karibu anaona ombi na anajibu mara moja, mbele kordinateri hajaamka. Fomu inapeleka ombi kwa mtu mmoja tu, na barua haisemi nani anashika zamu yake akiwa safarini, wala atajibu ndani ya saa ngapi. Basi kila ombi likiingia lirudishwe kwenye grupu kwa mstari mmoja: namba, eneo, hitaji, bila majina ya watu. Kikija kijibu, kiandikwe chini ya namba ileile.

Kordinateri, fomu yako tunaikubali. Punguza maswali, ongeza lile la saa, halafu utuambie nani anaisoma usiku.