Jina Linaloacha Nafasi

Bundi mdogo wa msitu wa Arabuko-Sokoke alielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1966, na jina lake la kawaida likachukua msitu alimopatikana. Baadaye akaonekana pia Usambara Mashariki, Tanzania, lakini jina lilikuwa limeshashika, na hata huko anaitwa bundi wa Sokoke. Kwa ndege hilo halina madhara, maana hakuna anayemdai bundi afuate jina lake. Mwenye chaneli hudaiwa. Ukiiita chaneli yako Bundi wa Sokoke, mtazamaji anayefungua video yako ya kumi na kukuta kaa wa mikoko ataona umemwahidi kitu kimoja ukampa kingine.

Hapo ndipo ninapoanzia ninapopima jina la blogu au chaneli ya mtu mwenye upenzi wa jambo dogo: nauliza jina limefungwa kwenye nini. Mengi hufungwa kwenye kile kinachotazamwa, yaani ndege, kombe, jahazi, kipepeo. Machache hufungwa mahali ambapo mwenye chaneli amesimama, au kwenye saa anayotoka, au kwenye namna yake ya kutazama. Haya machache ndiyo yanayodumu, kwa sababu mapenzi ya mtu huhama kutoka kitu hadi kitu, ila pale anaposimama hapahami upesi.

Tumchukue mtu wa Watamu. Maji yakitoka, hubeba darubini na kamera hadi hori ya Mida, hasa kuanzia Septemba hadi Aprili, miezi ambayo wale ndege weupe na weusi walao kaa huwa wamekuja kutoka kuzaliana kwenye fukwe za Arabuni. Siku nyingine hupanda matatu hadi Malindi, kisha kuvuka mto Sabaki na kushuka mlangoni mwake, ambako maji matamu hukutana na bahari na ndege hujaa kwenye kingo za mchanga. Anataka kufungua chaneli, na karatasini ameandika majina manne: Ndege wa Mida, Malindi Birds 254, Ng'ambo ya Hori, na Kupwa na Kujaa.

Ndege wa Mida ni jina linaloeleweka mara moja, na kwa hilo linastahili heshima. Shida huonekana linapoandikwa kwenye kisanduku cha kutafutia. Kwa Kiswahili, ndege ni kiumbe na ni chombo cha kusafiria, na Malindi ina kiwanja chake cha ndege. Mtu akitafuta ndege na Malindi, hukutana kwanza na nauli, ratiba na tiketi. Mida nayo hukutana na mida ya mchana na mida ya kula. Maneno mawili, na kila moja linavutwa upande na jambo lenye watafutaji wengi kuliko hori yetu. Kipimo hiki ni rahisi na hakikosei: andika jina bila alama zozote kwenye utafutaji wa YouTube na wa Google, ukiwa hujaingia kwenye akaunti yako ili matokeo yasielekezwe na tabia zako, kisha tazama ukurasa wa kwanza. Usiogope sana kukuta jirani mdogo anayefanana nawe. Ogopa jirani mkubwa asiyehusiana nawe hata kidogo, kwa sababu huyo hatahama, na watazamaji wake wakibahatisha kukufikia wataondoka baada ya sekunde chache.

Malindi Birds 254 lina mzigo mwingine. Nambari ya nchi ilionekana ya kisasa zamani kidogo, sasa imebandikwa kila mahali, na msikilizaji hajui aandike tarakimu au maneno. Malindi yenyewe si moja. Iko ya kwetu, na uko mtaa wa Malindi kule Unguja, bandarini, wenye timu ya mpira inayojulikana. Isitoshe, Mida iko Watamu, na mtu wetu akihamia Kilifi mjini kikazi, jina litamfuata kama anwani ya nyumba aliyoihama. Jina la mji hulifaa jambo ambalo haliwezi kutokea kwingine. Kutazama ndege wa pwani si jambo la aina hiyo.

Ng'ambo ya Hori nalipenda kwa sikio. Lina mwendo wa Kiswahili cha pwani na linamweka msemaji mahali: amesimama upande mmoja na anatazama upande wa pili. Kasoro yake iko kwenye uandishi. Anwani ya chaneli ya YouTube, ile inayoanza na @, hukubali herufi, tarakimu, nukta, kistari na mstari wa chini, kati ya alama 3 na 30. Ritifaa ya ng' haimo. Ng'ambo itaandikwa ngambo, na asiyelijua atalisoma kwa ng ya ngoma. Majina mengi mazuri ya Kiswahili huharibikia hapa. Vivyo hivyo dh na th, gh na g, ambazo wengine huzichanganya wanapoandika wanachokisikia, na sauti za Kimijikenda kama zilizomo katika Dzitsoni, ambazo mgeni huziandika kwa namna zaidi ya moja. Lakini hapa msimamo wangu una mpaka. Kama unawasemesha Wamijikenda wenyewe, kwa Kigiriama au Kichonyi, sauti hizo ndizo zitakazowaambia kwamba hii ni yao, na hakuna haja ya kuzikwepa kwa ajili ya msomaji ambaye hukumkusudia.

Kipimo cha sikio hufanywa hivi. Mpigie mtu simu, umtajie jina mara moja tu, bila kulitaja herufi kwa herufi, umwambie alitafute na akutumie picha ya skrini. Fanya hivyo kwa mtu wa Malindi, mtu wa Nairobi na mtu wa Dar es Salaam. Wote wakifika, jina limepita. Mmoja akikosea, tazama amekosea wapi: akiacha nafasi kati ya maneno, si neno, lakini akibadili herufi, jina lina ufa ambao hautazibika kwa matangazo.

Limebaki Kupwa na Kujaa. Mtoto wa shule analijua, linaandikwa linavyotamkwa, na likiunganishwa kuwa @kupwanakujaa ni herufi 12 tu. Ukilitafuta utakutana na maelezo ya kisayansi kuhusu mwezi na maji, jirani ambaye hakupotezei mtu. Zaidi ya hayo, halikufungwa kwenye ndege. Limefungwa kwenye saa inayomtoa mtu wetu nyumbani, kwa sababu Mida haina kitu cha kuonyesha hadi maji yatoke na matope yabaki wazi, ndege washuke kula.

Ila jina halijapimwa mpaka lisimame mbele ya vichwa vya video ambazo bado hazijarekodiwa. Andika kumi: vitano vya mapenzi ya leo, vitano vya mambo ambayo macho yako tayari yanayaibia nafasi. Kupwa na Kujaa: ndege walao kaa wamerudi Mida. Linakaa. Kupwa na Kujaa: kaa anavyochimba shimo chini ya mkoko. Linakaa. Wavuvi wanavyohesabu bamvua, kombe zinazoachwa ufuoni, jahazi lililopigwa kalafati likisubiri maji Takaungu, yote yanakaa. Magofu ya Gede yanaanza kulivuta, kwa kuwa mji ule uko ndani, kilomita kadhaa kutoka ufuoni. Vipepeo wa Sokoke wanalivuta zaidi. Kwangu, jina linaloshonana na vichwa vinane kati ya kumi ni zuri, na viwili vilivyobaki vinavumilika. Likishonana na vitano tu, chagua lingine kabla hujaanza.

Mtu anaweza kuuliza: je, jina la kitu ni baya siku zote? Hapana, na Gede kuna ushahidi. Mradi wa Kipepeo ulianza huko mwaka 1993, wakulima wanaopakana na Arabuko-Sokoke wakifuga pupa wa vipepeo ili wauzwe nje ya nchi na msitu uwe na faida kwao ukiwa umesimama. Baadaye mradi ukauza pia asali na vitambaa vya hariri, na jina halikugoma. Sababu ni kwamba liliachwa wazi. Lingekuwa Wauza Pupa wa Gede, asali ingehitaji maelezo kila ilipowekwa mezani. Neno moja, lisilo na kazi iliyotajwa ndani yake, hugeuka kuwa alama. Ukiongeza mwenye kitu, mahali na shughuli, umeshaandika tangazo la biashara moja.

Ipo pia njia ya jina lako mwenyewe. Issa Michuzi, mpiga picha wa Tanzania, alianza blogu yake mwaka 2005, na kwa kuwa ilibeba jina lake ilihama bila kikwazo kutoka picha hadi habari za kila namna. Hakuna jina pana kuliko la mtu. Lakini halimwambii mgeni lolote mpaka mtu mwenyewe ajulikane, na siku rafiki akijiunga kurekodi nawe, atakuwa mgeni kwenye nyumba yako. Kwa mpenda ndege asiyejulikana nje ya Watamu, naliweka nyuma ya jina la mahali pa kusimama.

Sasa, kama jina ni pana, upenzi mdogo unakaa wapi? Unakaa kwenye mstari wa chini yake. Kupwa na Kujaa, kisha kwa herufi ndogo: ndege wa Mida na Sabaki. Mstari huo ndio unaobeba maneno yanayotafutwa, ndio unaomwambia mgeni abaki au aondoke, na ni huo unaoubadilisha bila gharama. Mwaka wa tatu unaweza kusomeka: ndege, kaa na mikoko ya pwani ya Kilifi. Wengi hufanya kinyume, hubana jina na kupanua maelezo mpaka yanasema kusafiri, maisha na mengineyo, na hapo hakuna anayejua anaingia kwa nini.

Kubadili jina baadaye kunawezekana, ila gharama zake hazilingani. YouTube huruhusu jina la chaneli na anwani yake ya @ kubadilishwa mara mbili ndani ya siku 14, na viungo vya video zenyewe hubaki vilivyo. Blogu iliyo kwenye Blogger ni habari nyingine: ukibadili anwani ya blogspot.com, viungo vyote vya zamani vilivyosambazwa WhatsApp na kwingineko huacha kufunguka. Kwa hiyo mwenye blogu awe mkali kuliko mwenye chaneli, au alipie anwani yake ya .co.ke mapema, wakati viungo bado ni vichache. Na kabla ya video ya kwanza, achukue @ ileile kwenye YouTube, Instagram, TikTok na Facebook siku moja, hata kama atatumia moja tu kwa sasa. Akikuta imechukuliwa mahali pamoja, ni afadhali aongeze neno kote, kama @kupwanakujaapwani, kuliko kuwa na anwani nne zinazotofautiana kwa nukta na mistari.

Mapenzi yakihama kabisa, mathalani kutoka ndege wa ufuoni hadi vipepeo wa msituni, tazama watazamaji kabla ya kugusa jina. Kama walewale wanaotazama ndege wanatazama na vipepeo, badili mstari wa chini tu. Kama video za vipepeo zinaleta watu wapya kabisa na wale wa zamani hawazifungui, anzisha chaneli ya pili yenye jina lake, na ile ya kwanza iache kama ilivyo, na video zake zote, kwa wale wanaotafuta habari za ndege wa Mida.