Chawa: Sifa au Dhihaka?

Yako maneno yasiyo na makao maalumu: leo hukaa upande wa sifa, kesho upande wa dhihaka. Katika Kiswahili cha mashabiki wa siku hizi, neno la namna hiyo ni chawa. Asili yake yajulikana: ni mdudu akaaye katika nywele au nguo za mtu na kumfyonza damu. Basi tangu mwanzo istiara hii ina mambo mawili, ukaribu na ulaji. Chawa haachani na mwenyewe, lakini hukaa hapo kwa kuwa ndipo anapokula.

Na tutazame matumizi matatu. Baba Levo, msanii wa Kigoma, alijitangaza hadharani kuwa chawa wa Diamond Platnumz. Hapo msemaji ajitaja mwenyewe na kumtaja ampendaye. Ukaribu watangulia, na ulaji wakiriwa kwa kicheko. Mwingine akisema, "Yule ni chawa wa Diamond," maana yayumba, na sauti ya msemaji ndiyo iamuayo. Lakini akisema, "Acha uchawa," shaka yaondoka. Nomino hiyo imemwacha nje mpendwa, ikabakiza tabia tupu. Na tabia hiyo, bila ya mpendwa, ni ulaji tu.

Kiingereza nacho kimepita njia kama hiyo. Neno stan latokana na wimbo wa Eminem wa mwaka 2000, unaomhusu shabiki aliyeangamizwa na mapenzi yake. Mwaka 2001 Nas alilitumia kumtukana Jay-Z. Baadaye mashabiki wenyewe wakalivaa kama nishani. Neno simp, limchekalo mwanamume ajidhalilishaye kwa mwanamke asiyemjali, limebaki zaidi katika dhihaka.

Hata hivyo, kujiita hakuoshi neno. Baadhi ya wafuasi wa Rais Samia Suluhu Hassan, aliyeshika urais mwaka 2021, walipojiita "Chawa wa Mama," waliwanyang'anya wapinzani silaha, lakini makali yake hayakupungua. Utani huo wategemea msikilizaji akumbuke uchafu wa mdudu. Akiusahau, chawa atakuwa shabiki tu, na kicheko kitakwisha.

Hasara ya neno hili yaonekana katika uhakiki. Tuseme kijana wa Lufingo, wilayani Rungwe, ausifu wimbo kwa mpango wa vina vyake, na kuvitaja kimoja kimoja. Mwenzake amjibu, "Wewe chawa," na mjadala wafungwa. Kijana huyo hajapata kumwona msanii, wala hakupokea kwake hata senti. Ulaji haumo; nusu ya istiara imekosekana. Hapo neno halimwelezi tena asifuye, bali lamwondolea ajibuye kazi ya kuvipima vile vina. Vina vyenyewe vikiwa vibovu, na vioneshwe ubovu wake. Kwani hata chawa aweza kusema kweli juu ya kichwa akaacho.