Kiroba cha Chakula cha Mbwa: Soma Nyuma, Si Mbele

Maduka ya pembejeo za mifugo Tanga huuza chakula cha mbwa kwa kupimiwa kilo kutoka kwenye kiroba kilichofunguliwa, na mnunuzi huondoka na mfuko wa nailoni usio na andiko lolote. Kwa hiyo watu wa Pongwe wenye mbwa walinzi wamezoea kupiga picha ya kiroba chenyewe na kumtumia mtu anayejua. Picha inayofaa ni ya nyuma, si ya mbele yenye paja la kuku linalong'aa. Ionyeshe orodha ya viungo, jedwali la uchambuzi, kipimo cha kulisha, na tarehe ya mwisho pamoja na namba ya toleo, ambazo mara nyingi zimepigwa kwa wino hafifu kwenye mshono.

Tuchukue lebo ya mfano. Viungo vyake: nyama ya kuku, mahindi, pumba za ngano, pumba za mpunga, mashudu ya alizeti, unga wa nyama na mifupa, mafuta ya kuku, chumvi, vitamini na madini. Viungo hupangwa kwa uzito, kizito kwanza, lakini uzito huo ni wa kabla ya kupikwa. Nyama mbichi ya kuku ni maji kwa takribani asilimia 70. Ikikaushwa, kilo moja hubaki kama gramu 300, na hapo mahindi ndiyo yanayokaa kileleni. Tazama tena pumba: zimegawanywa sehemu mbili, za ngano na za mpunga, kila moja ikashuka chini kidogo. Zijumlishe kichwani, utaona mbwa huyu atakula nafaka zaidi kuliko kuku.

Sasa uchambuzi: protini ghafi isiyopungua asilimia 19, mafuta yasiyopungua 7, nyuzinyuzi zisizozidi 5, majivu yasiyozidi 10, unyevu usiozidi 10. Hizi ni ahadi za mpaka, si wastani. Protini inaitwa ghafi kwa sababu maabara hupima nitrojeni na kuizidisha kwa 6.25, bila kujali imetoka wapi. Mwaka 2007 Marekani Kaskazini wanyama wengi waliugua figo na wengine wakafa baada ya melamini, kemikali yenye nitrojeni nyingi, kuchanganywa kwenye gluteni ya ngano ili kipimo kipande. Ndiyo maana tarakimu hii husomwa pamoja na orodha ya viungo.

Majivu ndiyo safu ninayoipenda. Ni madini yanayobaki chakula kikichomwa, na asilimia 10 katika chakula kikavu ni dalili kwamba huenda ule unga wa nyama una mfupa mwingi. Mimi ningependelea saba au nane.

Ili kulinganisha, ondoa maji kwanza. Gawanya 19 kwa 90, upate protini ya asilimia 21 ya kitu kikavu. Mafuta yanakuwa karibu 7.8. Kwa viwango vya AAFCO, chama cha Marekani cha wasimamizi wa vyakula vya wanyama, mbwa mzima anahitaji angalau 18 na 5.5, na mtoto wa mbwa 22.5 na 8.5. Lebo yetu imeandika kwamba chakula ni cha mbwa wa rika zote, ilhali ahadi zake zenyewe hazimfikishi mtoto. Na usimpe paka: paka anahitaji protini zaidi, na taurini, ambayo akiikosa hudhurika macho na moyo.

Kipimo cha kulisha kinasema mbwa wa kilo 15 apewe gramu 360 kwa siku. Toa tarakimu zote tano kwenye 100, ubaki na wanga wa 49. Hesabu kalori 3.5 kwa kila gramu ya protini na ya wanga, na 8.5 ya mafuta: kila gramu 100 ina takribani kalori 300. Mbwa mzima wa kilo 15 aliyehasiwa, asiye na kazi nzito, anahitaji kama 850, yaani gramu 285 hivi. Anayekimbia usiku kucha atahitaji zaidi. Mwenye mimba au anayenyonyesha, zaidi sana. Pima kwa mizani, maana kikombe kinadanganya, kisha baada ya wiki mbili mpapase mbavu. Zikipatikana kwa urahisi bila kujitokeza, kiasi kinatosha. Na kama bado anapewa ugali na dagaa jioni, punguza hapo hapo kwenye kiroba.

Kiroba kilichoachwa wazi kwenye joto na unyevu wa pwani huchacha mafuta yake kabla ya tarehe iliyoandikwa. Kinuse: kikinuka mafuta yaliyokaa, au ukiona ukungu, usinunue. Sumukuvu haitoki kwa kuanika wala kwa kupika.

Hukumu yangu: kwa mbwa mzima mlinzi kiroba hiki kinakubalika, ila bei isiwe ya nyama. Kwa mtoto wa mbwa, kiache dukani.