Kutoka "mala" hadi "Tanasi": jinsi ya kuunga jina la kinywaji

Ukienda duka lolote Nairobi utakuta pakiti za mala. Jina hilo limetokana na maziwa lala, yaani maziwa yaliyolazwa yakaganda. Silabi ya kwanza ya "maziwa" imeungwa na silabi ya mwisho ya "lala", basi. Kila silabi inaishia kwa vokali, kwa hiyo ulimi haukwami popote, na jina zima ni silabi mbili tu. Limekubalika kiasi kwamba wengi husema "maziwa mala", kana kwamba maziwa hayamo tayari ndani ya neno.

Hapo hapo ndipo ilipo kasoro yake kibiashara. Mala imekuwa jina la kinywaji chenyewe, na New KCC na Brookside wote huliandika kwenye pakiti zao. Hakuna anayeweza kusema ni lake. Vimto, inayonywewa sana Oman na Ghuba nzima wakati wa Ramadhani, ilienda njia nyingine. John Noel Nichols wa Manchester aliianzisha mwaka 1908 kwa jina Vim Tonic, kisha mkia wa neno la pili ukakatwa. "Vim Tonic" ilieleza kitu; "Vimto" haielezi chochote ila kinywaji hicho kimoja, ndiyo maana ina mwenyewe.

Sasa tuje Base Camp, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Tuseme kijana anatengeneza juisi ya nanasi na tangawizi, anataka kuiuza hapo kambini na baadaye Mbarara mjini. Maneno yake mawili ni mazuri kwa kuanzia, kwa sababu Mkongo, Mrundi na Mnyarwanda wote wanayajua kwa sura inayokaribiana: Mrundi na Mnyarwanda husema "inanasi", na Mganda husema "ennaanansi".

Akifuata njia ya mala, kichwa cha neno la kwanza na mkia wa pili, atapata "Nazi". Mteja atatafuta ladha ya nazi asiipate. Akichukua vipande virefu zaidi vya kichwa na mkia, atapata "Nanawizi", na hapo "wizi" umejitokeza wazi kwenye chupa. Ndani ya tangawizi hausikiki kwa sababu tumelizoea neno zima. Ukikata tu, unachomoza. "Nanga" nayo tayari ina kazi yake majini, na Warundi na Wanyarwanda watasikia inanga, ala yao ya nyuzi.

Ageuze mpangilio, tangawizi itangulie. "Tangasi" inabeba tangawizi vizuri, ila nanasi imebaki na "si" peke yake, na Mtanzania atauliza kama juisi imetoka Tanga. "Tanasi" naiona bora. Katika nanasi mkazo uko kwenye "na" ya pili, na katika Tanasi mkazo unabaki pale pale, hivyo sikio linadaka tunda mara moja. Tangawizi imepoteza zaidi, imebaki na "ta" tu. Hasara hiyo naikubali, kwa kuwa lebo bado lazima iseme waziwazi kwamba hii ni juisi ya nanasi na tangawizi. Tena kuna mwangwi wa "tanashati" ndani yake, jambo ambalo halidhuru.

Base Camp ina mtego mwingine, nao ni wa matamshi. Wazungumzaji wengi wa Kinyarwanda, Kirundi na Kinyankole hawatofautishi l na r, kwa hiyo "mala" na "mara" zitasikika sawa. Kisomali hakina z wala p. Msomali huenda akaisema z kama s. Tanasi haina herufi hata moja kati ya hizo. Kipimo chake ni rahisi: litamke jina kwa simu kwa mtu asiyewahi kuliona, kisha mwombe aliandike. Watu wa lugha tofauti wakiliandika kwa namna moja, limepita. Waulize pia linamkumbusha kila mmoja nini, hasa Wanyankole, kwa sababu Mbarara ndilo soko kubwa.

Kabla ya kuchapa lebo, atafute kwanza kwenye rejesta ya alama za biashara ya URSB, ambayo ina ofisi Mbarara, kama kuna jina linalosikika hivyo. Juisi huingia daraja la 32, na usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10. Vinywaji vya maziwa viko daraja la 29. Mbarara ikiwa mji wa maziwa, akisajili 32 peke yake anaweza siku moja kukuta mtindi unaoitwa Tanasi dukani, na kumzuia mwenye mtindi huo itakuwa kesi ngumu zaidi.