Mwandishi Aliyejificha Kitenzini

Katika miaka niliyoandaa makala za jarida, sentensi moja nimekutana nayo kuliko zote. Huja hivi: "Kama nilivyoonyesha kwingineko (Juma 2012), majina ya maji hufuata mwezi." Mwandishi ameshafuta jina lake chini ya kichwa cha makala, ameondoa chuo na anwani, naye anaamini mswada uko tayari kwenda kwa wahakiki wasiomjua. Kumbe bado yumo, amekaa ndani ya kitenzi. Ile *ni-* ikikutana na mabano yanayoifuata inamtaja waziwazi, kana kwamba hakuwahi kufuta kitu.

Majarida yanayotumia tathmini fiche ya pande mbili humficha mwandishi kwa mhakiki na mhakiki kwa mwandishi. Faida yake iliwahi kupimwa vizuri. Mwaka 2022 Jürgen Huber na wenzake walitoa matokeo ya jaribio lao juu ya makala moja ya fedha iliyoandikwa na watu wawili: Vernon Smith, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya uchumi, na Sabiou Inoua, mtafiti aliyekuwa bado hajajulikana. Makala ile ile ilipelekwa kwa mamia ya wahakiki. Kati ya walioonyeshwa jina la Inoua peke yake, takriban 65 katika kila 100 walishauri ikataliwe. Kati ya walioonyeshwa jina la Smith peke yake, walioshauri hivyo walikuwa kama 23 tu katika kila 100. Kati ya wasioonyeshwa jina lolote, walikuwa 48. Kila ninapofungua mswada wa kijana anayechapisha kwa mara ya kwanza, hizo namba tatu huwa mezani pangu.

Ila kuficha kuna namna nyingi, na nyingi huharibu. Nitaeleza kwa mswada mmoja, ambao nimeuunda kwa kuchanganya miswada mitatu niliyoishika, ili asitambulike mtu hata hapa. Tumwite mwandishi Juma, jina walilo nalo maelfu. Makala inahusu majina ya pepo na maji katika lahaja ya Makunduchi, kusini mwa Unguja: kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, na jinsi wavuvi wa madema wanavyoyatofautisha. Marejeleo ni 41, na 9 kati yake ni kazi za Juma mwenyewe.

Hatua ya kwanza ni ile ambayo wengi hudhani ndiyo kazi yote, nayo ina mtego wa Kiswahili. Mtu hufungua Tafuta na Badilisha, akaagiza kila "Juma" iwe "Mwandishi". Niliwahi kuipokea kazi iliyofanywa hivyo. Ukurasa wa sita ulisema mahojiano yalifanyika "Mwandishimosi" na kumalizika "Mwandishipili". Mhakiki hahitaji zaidi ya hapo ili alijue jina la mwandishi. Majina yetu mengi ni maneno ya kawaida ya lugha, siku, miezi, majira, hata sifa, kwa hiyo jina hutafutwa moja moja kwa jicho, kila mahali lilipo, pamoja na tanbihi, maelezo ya picha na vichwa vya majedwali.

Baada ya hapo ndipo swali lenyewe linakuja: zile kazi 9 zifanywe nini? Miongozo mingine huwaambia waandishi wabadilishe kila moja kuwa "[Mwandishi 2012]" na waifute katika orodha ya marejeleo. Mimi sikubaliani nayo, na nimeshapingana na wenzangu kwa jambo hili. Kwanza, alama hiyo inamwambia mhakiki kwa sauti kwamba mwenye makala ameshaandika kuhusu jambo hili mwaka 2012, na katika uwanja wa lahaja za Unguja waliofanya hivyo wanahesabika kwa vidole. Pili, hoja inabaki inaning'inia. Mhakiki anaambiwa majina ya maji hufuata mwezi, anataka kuona ushahidi, anakuta mlango umefungwa. Tena wapo wanaoacha nafasi palepale penye mfuatano wa alfabeti, na shimo linakaa baina ya Ingrams na Kihore. Mtu yeyote anayejua alfabeti anajua jina linaanza na J, au si mbali nayo.

Njia iliyo bora ni kulibakiza jina na kumhamisha mwandishi. "Kama nilivyoonyesha kwingineko (Juma 2012)" inakuwa "Kama Juma (2012) anavyoonyesha." Kazi inabaki katika orodha, mhakiki anaweza kuisoma, na Juma anakuwa mtu mmoja miongoni mwa wanaotajwa. Hapa Kiswahili kinatupa msaada ambao wenzetu wa baadhi ya lugha nyingine hawana: *a-* ya nafsi ya tatu haisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Anayeandika kwa Kiingereza au Kifaransa mara nyingi hujikuta akichagua jinsia katika kiwakilishi, nasi hatulazimiki.

Kumhamisha huko lakini si kubadilisha herufi tu. Mahali pamoja Juma alikuwa anajisahihisha: "Nilikosea niliposema maji mafu hayana majina ya ndani." Ukiigeuza kama ilivyo inakuwa "Juma alikosea," na sasa inasomeka kama shambulio juu ya mwenzake. Mhakiki mwenye huruma ataandika kwamba mwandishi hamtendei haki Juma. Sentensi ilibidi ijengwe upya kutoka chini: "Juma (2012) hakuwa na data za siku za maji mafu; zilizokusanywa hapa zinaonyesha kwamba siku hizo nazo zina majina." Lililokosewa linaonekana, chanzo cha kosa kinaonekana, na hakuna anayejeruhiwa. Kinyume chake pia hutokea. Sifa ambayo mtu hujinyima anapoandika *ni-* huponyoka anapoandika *a-*, na kwa ghafla "Juma anathibitisha kwa kina." Hiyo "kwa kina" naifuta.

Kati ya zile 9, tatu zilikuwa za "taz. pia", zisizobeba hoja yoyote. Juma alikubali ziondoke, maana hata ukiwa umegeuza kila kiambishi, jina linalojirudia mara 9 katika marejeleo 41 humwelekeza mhakiki lilipo. Tano zilihamishwa katika nafsi ya tatu. Ya tisa ndiyo iliyonipa kazi: tasnifu yake ya uzamivu, ambayo haijachapishwa, na ambayo nusu ya mahojiano ya makala hii yametoka humo. Ningeandika "mahojiano ya Juma (2016)", mhakiki angeuliza kwa nini mtu anatumia data ghafi za mwenzake bila kueleza alivyozipata, na angeweza kushuku wizi. Hapa nafsi ya tatu ni uongo. Niliandika: "Mahojiano 14 kati ya 27 yalifanywa katika utafiti uliotangulia wa mwandishi, maelezo yake yako kwa mhariri." Pengo hilo liko wazi, na nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa yapo mambo ambayo hayafichiki bila kumdanganya msomaji.

Wanaojifunza kazi hii hukosea upande wa pili pia, wakaitoa kila *ni-* makalani. "Niliwahoji wavuvi 27" inageuzwa kuwa "wavuvi 27 walihojiwa na mtafiti huyu," na kurasa zinajaa *mtafiti huyu* na vitenzi vya kutendwa mpaka hujui nani kafanya nini. Ile *ni-* haikuwa na hatia. Yeyote angeweza kuwahoji wavuvi 27. Inayotakiwa kuondoka ni *ni-* iliyofungwa na kazi iliyotajwa, au na mahali, au na jamaa.

Na jamaa alikuwemo. Sehemu ya mbinu ilianza hivi: "Majina haya nilifundishwa na baba yangu, nahodha wa ngalawa hapa Makunduchi, tangu nikiwa na miaka saba." Mwenzangu mmoja alitaka aya nzima iondoke, na jina la mji libadilishwe kuwa "kijiji kimoja cha pwani." Nilikataa yote mawili. Lahaja bila mahali haina maana: mhakiki atapima vipi kama neno ni la Makunduchi au la Nungwi? Mji ubaki, kwa kuwa ndio data. Naye baba pia ni sehemu ya ushahidi, kwa sababu mhakiki ana haki ya kujua kwamba msemaji mkuu ana uhusiano na mtafiti. Kinachotoka ni kile kinachomtambulisha tu. Tuliandika: "Msemaji mmoja, nahodha mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, ni jamaa wa karibu wa mtafiti, maneno aliyoyatoa peke yake yamewekewa nyota." Zile nyota hazikuwemo mwanzoni. Juma aliniambia baadaye kwamba makala ilikuwa na afya zaidi kwa kuwa nazo. Shukrani, ufadhili na namba ya kibali cha utafiti vilihamia kwenye ukurasa wa jina, unaokaa kwa mhariri, na ndani ya mswada ikabaki kauli kwamba kibali kilipatikana.

Mwisho ni faili lenyewe. Faili la Word hubeba jina la mwenye kompyuta hata kama halionekani kwenye ukurasa. Kuna `Inspect Document` ya kuliondoa, nami huitumia, kisha huhakikisha kwa amri hii:

```
unzip -p mswada.docx docProps/core.xml
```

Nikiona kitu kati ya `<dc:creator>` na `</dc:creator>`, au kando ya `lastModifiedBy`, narudi nyuma. Mara nyingi anayejitokeza kule si mwandishi bali msimamizi wake wa tasnifu, aliyemtengenezea faili la kwanza miaka mingi iliyopita. Maoni ya pembeni na masahihisho yaliyofuatiliwa nayo hubeba majina, na picha ya ngalawa ufukweni huweza kubaki na mahali na saa ilipopigwa.

Baada ya hayo humpa mswada mtu ambaye hakuushika, pamoja na kalamu mbili. Kwa nyekundu apige mstari kila panapomfanya amkisie mwandishi. Kwa buluu, kila alipojikwaa katika kusoma. Wekundu wa Juma ulikuwa sehemu mbili, na moja hatukuweza kuigusa: mwandishi anasema *skuli* na *khasa*, na msomaji alijua papo hapo kwamba ni wa Zanzibar. Ningeweza kuandika *shule* na *hasa*. Nimeacha, maana huo ni ulimi wake, na Wazanzibari wanaoandika ni wengi wa kutosha kumficha. Buluu ilikuwa sehemu tano. Zote tano nilikuwa nimezigusa mimi. Nilizikalia siku mbili.

Makala ilipokubaliwa, nilitoa ukurasa wa jina kwenye bahasha na kurudisha vitu mahali pake: chuo, kibali, tasnifu ya 2016. Zile nyota zilibaki. Katika tanbihi ya kwanza Juma aliomba sentensi yake irudi kama alivyoiandika, nami niliichapa kwa mkono wangu, neno kwa neno: majina haya nilifundishwa na baba yangu.